Kichwa cha barua ya kuomba mwenendo wa shauri

Ndugu Mwenyekiti, mawakili wenzangu, makarani wa mawakili, makatibu muhtasi na maafisa wa masjala mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie uandishi wa barua za kisheria, lakini kwa muda tulionao nimeona afadhali nishike barua moja tu, na katika barua hiyo nishike sehemu ya juu tu, yaani pale penye kumbukumbu namba, tarehe na mstari unaoanza na neno YAH. Barua yenyewe ni ile ambayo mtu aliyeshindwa Mahakama Kuu humwandikia Naibu Msajili akiomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo, au dikrii kama wengi wetu tunavyoendelea kuiita, ili aende Mahakama ya Rufani. Ni barua ya aya mbili, kwa kawaida huachiwa karani aiandike, na wakili huisaini akiwa amesimama.

Wengi mnazifahamu Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, kwa hiyo nitakumbusha kwa kifupi tu. Anayekusudia kukata rufani katika shauri la madai huwasilisha notisi ya rufani ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, kisha anatakiwa kuifungua rufani yenyewe ndani ya siku 60 tangu alipowasilisha notisi hiyo. Siku 60 hazitoshi, kwa sababu mwenendo lazima uchapwe, uhakikiwe na kuthibitishwa, na kazi hiyo iko mikononi mwa mahakama, si mikononi mwa mrufani. Ndiyo maana Kanuni ya 90 ikaweka nafuu: kama mrufani aliomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, na kama nakala ya barua hiyo alimpelekea mjibu rufani, basi muda uliotumika kuandaa nyaraka hautahesabiwa, na Msajili atautaja muda huo katika cheti cha ucheleweshaji. Pasipo barua hakuna cheti, na pasipo cheti rufani iliyofunguliwa siku ya 61 imechelewa.

Sasa tujiulize barua hiyo inasomwa na nani. Sisi hudhani inasomwa na Naibu Msajili kwa kuwa jina lake ndilo lililoandikwa, lakini mtu wa kwanza kuishika ni karani wa masjala, ambaye asubuhi hiyo ana rundo la barua mbele yake na kabati zima la majalada nyuma yake. Yeye haisomi aya ya kwanza. Anasoma mstari wa YAH, anatafuta namba ya shauri, anakwenda kwenye jalada lenye namba hiyo, anaipa barua namba ya folio na kuifunga humo. Namba isipokuwepo anajaribu majina, na majina yasipolingana na yale yaliyo juu ya jalada, barua inawekwa pembeni ingoje mtu atakayekuja kuiulizia.

Sisi wenyewe huongeza tatizo kwa ule mwanzo tuliourithi wa barua za kiofisi, «Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu». Sina ugomvi na sentensi hiyo, inaokoa maneno. Ila tukumbuke kwamba anayeianza barua hivyo ameutwisha mstari wa YAH mzigo wote. Mwili wa barua hausemi tena ni shauri lipi, wadaawa ni akina nani wala uamuzi ulitolewa lini, na kichwa kikikosewa hakuna mahali pengine katika barua ambapo msomaji angeweza kugundua kosa.

Nitatoa mfano. Majina ni ya kubuni na tarehe nimezipanga mwenyewe, ingawa makosa yenyewe nimeyaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, moja likiwa katika ofisi niliyofanyia kazi nikiwa bado kijana. Tuseme Khamis Juma alimshitaki Saidi Ali na wenzake 2 katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, Dar es Salaam, kwa Shauri la Ardhi Na. 14 la Mwaka 2018. Tarehe 4 Mei 2021 hukumu ikatolewa na Khamis akashinda. Saidi na wenzake wakawasilisha notisi ya rufani tarehe 20 Mei 2021, na tarehe 25 Mei 2021 wakili wao akamwandikia Naibu Msajili. Zilikuwa zimepita siku 21 tangu hukumu, kwa hiyo barua ilikuwa ndani ya muda. Kichwa chake kilisomeka hivi:

YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA MWENENDO, HUKUMU NA TUZO KATIKA SHAURI LA ARDHI NA. 14 LA MWAKA 2018 KATI YA KHAMIS JUMA (MDAI) NA SAIDI ALI NA WENZAKE 2 (WADAIWA), HUKUMU YA TAREHE 4 MEI 2021

Ni kirefu, na wapo watakaosema hakipendezi machoni. Lakini hakuna neno humo lisilo na kazi. Aina ya shauri inalitofautisha na Shauri la Madai au Maombi Mchanganyiko yanayoweza kuwa na namba hiyohiyo ya 14 katika mwaka huohuo. Tarehe ya hukumu inaonyesha ni uamuzi upi unaolalamikiwa, maana shauri moja laweza kuwa na maamuzi madogo kadhaa kabla ya hukumu, na tarehe hiyo ndiyo inayotumika kuhesabu zile siku 30. Barua hiyo ilipokelewa, ikagongwa muhuri, nakala ikapelekwa kwa wakili wa Khamis naye akagonga muhuri wake. Hadi hapo mambo yalikuwa salama.

Kwa mujibu wa Kanuni ya 90 kama ilivyorekebishwa, Msajili anatakiwa ahakikishe nakala ziko tayari ndani ya siku 90 tangu zilipoombwa, na mrufani naye anatakiwa afuatilie mara anapoarifiwa, au ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kwisha. Ukihesabu kutoka tarehe 25 Mei, siku 90 zilikwisha tarehe 23 Agosti, na siku 14 za kufuatilia zilikwisha tarehe 6 Septemba. Wakili alikuwa mwangalifu, kwani tarehe 1 Septemba aliagiza ofisi iandike barua ya kukumbushia. Karani aliyeiandika ile ya kwanza alikuwa likizo. Aliyeshika nafasi yake hakulifungua jalada la ofisi. Alisikia kwamba hii ni rufani, kwamba wateja ni Saidi na wenzake, akaandika hivi:

YAH: NAKALA ZA HUKUMU – SAIDI ALI NA WENZAKE 2 (WARUFANI) DHIDI YA KHAMIS JUMA (MJIBU RUFANI)

Mwili wa barua nao ukasema, «Husika na somo hapo juu. Tunaomba tupatiwe nakala za mwenendo, hukumu na tuzo ili tuendelee na hatua za rufani.»

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu barua hii haina uongo hata mmoja. Saidi na wenzake ni warufani watarajiwa, Khamis ni mjibu rufani mtarajiwa, na nakala kweli zinahitajika. Kosa ni kwamba masjala ya Mahakama Kuu haina shauri linaloitwa hivyo. Rufani haijafunguliwa, kwa hiyo haina namba wala jina, na shauri pekee lililopo ni lile la Khamis dhidi ya Saidi, lenye namba 14. Mawakili wengi hudhani kwamba mara notisi ikishawasilishwa wadaawa wamebadilisha viti. Katika notisi yenyewe ni kweli, maana ina fomu yake na majina hupangwa kwa mtindo wa rufani. Lakini barua inayokwenda kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu inaomba nyaraka za shauri la Mahakama Kuu, na jina la shauri hilo halibadiliki kwa sababu aliyeshindwa ameamua kwenda juu. Mdai atabaki mdai na atatangulia, wadaiwa watabaki wadaiwa, mpaka barua ya mwisho inayohusu jalada hilo.

La pili, barua haikutaja barua ya tarehe 25 Mei wala kumbukumbu namba yake. Kwa msomaji asiyejua habari za nyuma, hilo si kumbusho. Ni ombi jipya.

Karani wa masjala akahangaika, mwishowe akakumbuka sura ya aliyeileta, akaipata namba kwa kuuliza, na barua ikaingia jaladani mwezi huo. Nyaraka zikawa tayari, Naibu Msajili akawaarifu tarehe 15 Novemba 2021. Aliyeandaa cheti cha ucheleweshaji akafungua jalada kuanzia juu, kama wanavyofanya wote, kwa kuwa folio ya karibuni ndiyo iliyo juu. Akakuta barua yenye maneno «tunaomba tupatiwe nakala», ya tarehe 1 Septemba 2021, isiyorejea barua nyingine yoyote. Akaichukua hiyo. Cheti kikatoka kikisema kwamba muda usiohesabiwa ni kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 15 Novemba 2021.

Wakili akafungua rufani tarehe 10 Desemba 2021, siku 25 baada ya kuarifiwa, akiwa na amani kabisa. Hebu tuhesabu kwa macho ya mjibu rufani. Notisi iliwasilishwa tarehe 20 Mei. Kutoka siku hiyo hadi tarehe 1 Septemba, ambapo cheti kinaanza kusimamisha saa, zimepita siku 104, wakati muda wa kufungua rufani ni siku 60. Tena ombi la tarehe 1 Septemba, kama ndilo ombi, lilikuja siku 120 baada ya hukumu, si ndani ya siku 30, kwa hiyo hata hiyo nafuu ya Kanuni ya 90 haipo. Pingamizi la awali liko tayari, na wakili wa Khamis hakuhitaji kulitafuta mbali. Lilikuwa katika cheti kilichofungwa ndani ya kumbukumbu za rufani zilizoandaliwa na warufani wenyewe.

Mtaniuliza, je, Mahakama haitaangalia haki badala ya ufundi? Ni kweli kwamba Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliingiza lengo hilohilo katika Sheria ya Mamlaka ya Rufani. Zipo rufani ambazo Mahakama iliwaruhusu warufani warudi kwa Msajili kupata cheti kilichorekebishwa, na zipo ambazo iliziondosha kwa kuwa cheti kilikuwa na kasoro na hakikuweza kutegemewa. Mfano wetu ungeweza kuokolewa, kwa sababu barua ya tarehe 25 Mei ipo na ina mihuri miwili. Lakini fikirieni hali ambayo barua ya kwanza ndiyo iliyoandikwa kichwa kibovu na haikuingia jaladani kabisa. Hapo hakuna cha kurekebisha. Msajili hawezi kuthibitisha ombi ambalo jalada lake halilioni, na kilichobaki ni kuomba kuongezewa muda, jambo ambalo lina masharti yake na gharama zake.

Basi kichwa hicho kinatoka wapi? Kinatoka kwenye ukurasa wa kwanza wa hukumu, si kwenye kumbukumbu ya mtu, si kwenye barua ya mteja, wala si kwenye barua ya shauri jingine iliyofunguliwa kwenye kompyuta na kufutwa nusu. Hii ya mwisho ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Wadaawa haohao mara nyingi huwa na maombi ya zuio pembeni, tuseme Maombi Mchanganyiko Na. 141 ya Mwaka 2019, na barua iliyoanzia kwenye kiolezo cha maombi hayo hubaki na namba yake hata baada ya kila kitu kingine kubadilishwa. Jicho halilioni kosa hilo kwa kuwa majina ni yaleyale.

Majina nayo huandikwa kama yalivyo kwenye hukumu, hata kama unajua si sahihi. Mteja wako anaitwa Hamisi, ndivyo kitambulisho chake kinavyosema, lakini hati ya madai ilimwandika Khamis na hukumu ikafuata. Andika Khamis. Masjala haimtafuti mtu, inatafuta jalada. Kama jina linahitaji kusahihishwa, njia yake ni maombi mahakamani, na mpaka amri itolewe jina la shauri ni lile lililo kwenye hukumu. Vivyo hivyo kwa Mohamed, Mohammed na Muhammad, ambao kwetu ni jina moja lakini katika orodha ya kompyuta ni watu watatu. Na usiyaache yale maneno «na wenzake 2». Ukiandika Saidi Ali peke yake, umetoa mwanya wa hoja kwamba mdaiwa mmoja tu ndiye aliyeomba nyaraka.

Kuna swali la lugha ambalo mawakili wa zamani hawakuwa nalo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, tumekuwa na majalada yaliyoanza kwa Kiingereza ambayo barua zake sasa zinaandikwa kwa Kiswahili. Nimeona jalada moja ambalo shauri lilelile limeitwa Shauri la Ardhi, Kesi ya Ardhi na Daawa ya Ardhi katika barua tatu za ofisi moja. Kila tafsiri yaweza kutetewa, na mimi binafsi napenda Shauri, lakini ladha yangu si hoja. Ofisi ichague neno moja kwa kila aina ya shauri na ibaki nalo hadi mwisho. Na kama mahakama imekwisha kuliita shauri hilo kwa Kiswahili katika wito au amri yoyote, basi tumia neno la mahakama. Pale ambapo hukumu yote ni ya Kiingereza, mimi hunakili kichwa chake kama kilivyo na kuandika barua kwa Kiswahili. Haipendezi, lakini karani anaona juu ya barua maneno yaleyale yaliyo juu ya jalada.

Mabadiliko ya majina ya mahakama nayo yanaingia hapa. Masjala za Mahakama Kuu mikoani ambazo hukumu za zamani ziliziita Masjala za Wilaya sasa zinaitwa Masjala Ndogo. Anwani ya barua ifuate jina la leo, kwa kuwa barua inakwenda kwa ofisi iliyopo leo, ila mstari wa YAH ufuate hukumu. Nako katika mashauri yaliyosajiliwa kwenye mfumo mpya wa kielektroniki, namba zimekuwa ndefu zaidi, na kwa hizo sishauri mtu azichape kwa vidole. Nakili na kubandika, kisha linganisha tarakimu moja moja.

Sijasema lolote juu ya Kumb. Yetu na Kumb. Yako. Barua za serikali zina maneno yaliyochapwa juu, «Unapojibu tafadhali taja», na namba inayofuata huishia na namba ya folio, yaani mahali hasa barua ile ilipofungwa jaladani. Anayejibu akiikata tarakimu ya mwisho kwa kuona ni ndefu mno amelitaja jalada bila kuitaja barua. Katika ofisi zetu mpangilio ni hiari, lakini namba iwe moja kwa shauri zima na kinachobadilika kiwe folio pekee. Barua ya tarehe 25 Mei ilikuwa na Kumb. Yetu SA/ARD/14/2018/11. Kumbusho lingekuwa SA/ARD/14/2018/12, lenye kichwa kilekile neno kwa neno, likiongezewa mwishoni KUMBUSHO, na sentensi ya kwanza ingesema: «Tafadhali rejea barua yetu yenye Kumb. Na. SA/ARD/14/2018/11 ya tarehe 25 Mei 2021, iliyopokelewa na ofisi yako siku hiyohiyo, ambayo nakala yake tunaiambatisha.» Mwandaaji wa cheti akiikuta barua hiyo juu ya jalada, tarehe sahihi imo mkononi mwake kabla hajafunua folio ya pili.

Na ikitokea kosa limeshatoka, usiandike barua mpya iliyo safi kana kwamba ile ya kwanza haikuwepo, kwa sababu barua mpya ina tarehe mpya. Andika barua ya masahihisho. Kichwa chake kibebe jina sahihi la shauri, na aya ya kwanza ikinukuu kichwa kilichokosewa kama kilivyoandikwa, pamoja na kumbukumbu namba na tarehe yake, ikieleza kwamba barua ile ilihusu shauri hili na kuomba ihamishiwe kwenye jalada lake ikiwa na muhuri wake wa awali wa kupokelewa. Ambatisha nakala iliyogongwa muhuri. Kisha pelekea nakala kwa wakili wa upande wa pili, naye agonge muhuri, maana kama alipelekewa ile iliyokosewa bila kupelekewa masahihisho, katika jalada lake yeye ombi la mwenendo wa Shauri la Ardhi Na. 14 halijawahi kufika.